Nilivyoiondoa akaunti yangu ya Google kwenye utegemezi wa simu moja

Vyeti nilivyoskani, mikataba na picha za familia vyote viko Google Drive, na uthibitishaji wa hatua mbili ulikuwa umewashwa. Kilichobaki kilikuwa swali moja: simu ikipotea leo, nitaingiaje?

Nilichukua karatasi nikaandika kila njia ya kuingia, na mbele yake kifaa inachokitegemea. Ujumbe wa kugusa "Yes" hufika kwenye simu. Msimbo wa SMS hufika kwenye laini iliyo ndani ya simu hiyohiyo. Google Authenticator, ile inayobadilisha tarakimu sita kila sekunde 30, nayo imo simuni. Barua pepe ya dharura nilikuwa naisoma kwenye simu, tena yenyewe ilidai msimbo unaotumwa kwa namba ileile. Njia nne, simu moja.

Tangu 2023 Authenticator inaweza kuhifadhi misimbo yake kwenye akaunti ya Google. Hilo linasaidia kwa akaunti nyingine, lakini kwa akaunti ya Google yenyewe unazunguka palepale: ili uipate misimbo lazima uingie kwanza, na ili uingie unahitaji msimbo. Kwa hiyo sikuihesabu kama njia ya dharura.

Njia isiyohitaji simu wala mtandao wa simu ni misimbo ya akiba. Niliingia myaccount.google.com, nikafungua Security, kisha 2-Step Verification, halafu Backup codes. Unapewa misimbo 10, kila mmoja una tarakimu nane na hutumika mara moja tu. Niliinakili kwa mkono kwenye karatasi mbili, nikaandika tarehe juu, bila jina la akaunti wala nenosiri. Moja iko nyumbani pamoja na hati za kiwanja, nyingine kwa dada yangu mtaa mwingine. Picha ya misimbo hiyo kwenye simu, au faili lake ndani ya Drive, haina kazi siku unayoihitaji. Na ile tarehe ina sababu yake: ukitengeneza misimbo mipya, ya zamani yote inakufa papo hapo. Ukibadilisha karatasi ya nyumbani ukasahau ya pili, umebaki na nakala moja huku ukidhani unazo mbili.

SMS niliiacha kama njia ya pili. Hapa Tanzania laini husajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole, kwa hiyo mwenye laini anaweza kwenda kuirudisha akapata namba ileile. Ila kama imesajiliwa kwa jina la kaka yako, kaka ndiye anayetakiwa kuweka kidole. Hakikisha hilo sasa, ungali unapatikana kwa namba hiyo. Laini isiyotumika muda mrefu nayo iondoe kwenye akaunti, maana kampuni ya simu inaweza kumpa mtu mwingine namba hiyo.

Namba ya hatua mbili na namba ya kurejesha akaunti, yaani Recovery phone, ni mipangilio miwili tofauti. Kubadilisha moja hakubadilishi nyingine, kwa hiyo nilizikagua zote. Barua pepe ya dharura nayo niliipatia misimbo yake ya akiba, kwenye karatasi zilezile.

Kisha nikajaribu, na hapa ndipo ningependa kila mtu atumie dakika kumi. Nilizima simu kabisa, nikafungua dirisha la faragha la kivinjari kwenye kompyuta. Dirisha la kawaida hudanganya: kama uliwahi kuweka tiki kwenye "Don't ask again on this device", utaingia bila kuulizwa lolote. Kizuizi cha kwanza kilikuwa nenosiri, kwa kuwa lilikuwa limehifadhiwa simuni na sikulikumbuka. Niliwasha simu, nikaweka nenosiri refu la maneno ninayoyakumbuka, nikaanza upya. Safari hii Google ilipoomba uthibitisho kwenye simu nilibonyeza "Try another way", nikachagua kuweka msimbo wa tarakimu nane, nikaingia. Msimbo huo niliukata kwenye karatasi zote mbili.

Simu ikipotea kweli, baada ya kuingia namna hiyo ninafuata mpangilio huu: kwanza Security, kisha Your devices, naitoa simu iliyopotea. Pili nabadilisha nenosiri. Tatu naiondoa Authenticator ya zamani na kuiunganisha kwenye simu mpya. Misimbo mipya ya akiba naitengeneza mwisho, nikiwa na kalamu mkononi, na karatasi ya pili inafika kwa dada siku hiyohiyo.