Noizi geti yangu: mkia wa tomu umetulia

Naandika noizi geti, yaani programu inayozima sauti ya maiki ikishuka chini ya kiwango fulani, kizingiti, na kwenye ngoma tomu kubwa ndo ilikuwa imebaki. Pigo lenyewe linapita safi, shida iko kwenye mkia, sauti ikishafifia ikakaribia kizingiti geti inaanza kufunguka na kufunga ovyo, unasikia trrr, afu kimya, afu inachungulia tena. Nimezumu wimbi nikakuta ni matatizo mawili yamepandana.

La kwanza ni la haraka. Hii ngoma inalia kama hezi 80 na programu yangu inapima kila sampuli bila kulainisha, kwa hiyo kuna kilele kila baada ya milisekunde 6 na kitu, na katikati ya vilele wimbi linapita sifuri. Hapo weka kizingiti popote utakapo, geti itadhani sauti imeisha. Dawa ni holdi: sauti ikishuka geti inasubiri kwanza, na kilele kingine kikitokea muda unahesabiwa upya. Milisekunde 15 zimetosha, trrr imekufa.

La pili ni la polepole na ndo tamu zaidi. Ngozi ya juu na ya chini hazijatyuniwa sawasawa, basi mkia haushuki moja kwa moja, unayumba, unashuka afu unapanda tena kama desibeli 3, mara 6 hivi kwa sekunde. Holdi ya kufunika hilo ingebidi ikaribie milisekunde 170, na muda wote huo haihati inavuja kwenye maiki baada ya kila pigo, sitaki. Hapa inaingia histeresisi, yaani vizingiti viwili: geti inafunguka sauti ikipita desibeli -30, haifungi mpaka sauti ishuke chini ya -36. Mkia ukishapita -36 hata ukipanda 3 unaishia -33, haufiki kwenye kufungua.

```
if (kiwango > kufungua) wazi = true;
if (kiwango > kufunga) kaunta = holdi;
else if (kaunta > 0) kaunta--;
else wazi = false;
```

Rilisi wengi huikimbilia kwanza ila yenyewe haiamui kitu, inapanga tu sauti ishushwe kwa kasi gani geti ikishaamua kufunga. Nilipoijaribu peke yake kwenye milisekunde 150 mkwaruzo uligeuka kuwa mtetemo, geti bado inabadili mawazo ila kwa upole, haha. Sasa iko 120 na mkia unazama vizuri.

Histeresisi nayo ina mwisho wake. Haihati inayovuja inafika -42 kwenye maiki hii, nikishusha kufunga hadi -45 kila mguso wa haihati unairudisha kaunta mwanzo na geti ikishafunguka inachelewa kufunga. Ndo maana nimeishia pengo la desibeli 6.

Kinachofuata ni kuweka filta ya kukata trebo kwenye njia ya kupimia tu, siyo kwenye sauti inayotoka, ili geti isiihesabu haihati kabisa na nipate nafasi ya kushusha kufunga zaidi.