Waya wa maiki uliomaliza sauti ya dufu

Waya wangu wa kwanza wa maiki, wenye vichwa vya XLR, niliuchomelea hapa Ngamiani, Tanga, kwa ajili ya maulidi ya madrasa ya jirani. Ulikuwa wa mita 10. Niliuchomeka kwenye maiki, nikaita, sauti ikatoka safi kwenye spika, nikaukunja nikijua kazi imekwisha.

Jioni tukaweka maiki 2 mbele ya wapiga dufu, moja kwa waya wa zamani, nyingine kwa waya wangu. Kila moja ikiwa wazi peke yake, dufu lilivuma vizuri. Nikifungua zote mbili, mvumo unatoweka, unabaki mkwaruzo wa vidole kwenye ngozi.

"Fundi, dufu limeenda wapi?" ustadhi aliniuliza.

"Nipe dakika tano, ustadhi," nikamjibu, lakini dakika tano hazikutosha. Usiku ule tulimaliza kwa maiki moja.

Asubuhi nilifungua vichwa vyote viwili. XLR ina pini 3. Pini 1 ni ya wavu wa shaba unaozunguka nyaya za ndani, yaani ardhi. Pini 2 ni chanya, pini 3 ni hasi. Hizo mbili hubeba sauti ileile, ila moja ikipanda nyingine inashuka. Miksa huchukua tofauti kati yao, kwa hiyo muungurumo wa umeme ulioingia njiani kwa kiasi sawa kwenye zote mbili unajifuta. Nilikuwa na waya mwekundu na mweupe. Upande wa jike, unaoingia kwenye maiki, nyekundu ilikuwa pini 2. Upande wa dume, unaokwenda kwenye miksa, nyekundu ilikuwa pini 3.

Kosa lilitokea hivi: nilimaliza jike, nikaliweka mbele yangu na kulifuata kwa macho nilipofanya dume, kushoto kwa kushoto, kulia kwa kulia. Lakini ukivitazama kwa nyuma, pale unapochomelea, pini za dume na jike zimepangwa kama uso na kioo. Cha kufuata ni namba ndogo zilizochorwa kwenye plastiki pembeni ya kila pini. Siku hizi nazisoma kwa tochi ya simu kabla pasi ya kuchomelea haijapata moto.

Kosa la waya uliogeuzwa hivyo halisikiki ukiwa peke yake, kwa sababu sikio halijui kama spika imeanza kwa kusukuma au kwa kuvuta. Zikiwa maiki mbili karibu karibu, moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Sauti nene ndiyo inayokufa kwanza kwa kuwa wimbi lake ni refu: mvumo wa hezi 100 una karibu mita 3 na nusu, kwa hiyo maiki zilizoachana nusu mita hulipokea karibu kwa wakati mmoja na kulifuta. Mawimbi ya mkwaruzo ni mafupi, hayafutani yote.

Nilichomelea upya upande wa dume tu. Kwanza nilipitisha kifuniko cha nyuma kwenye waya, maana ukikisahau utafumua kazi yote. Wavu niliusokota na kuuvalisha mrija wa plastiki ili uzi wake hata mmoja usiguse pini ya jirani. Nikapaka risasi kidogo kwenye kila ncha ya waya na kujaza vikombe vidogo vilivyo nyuma ya pini, kisha nikapasha kikombe, nikaingiza ncha na kushika bila kutikisa mpaka risasi ilipoganda. Ganda la waya halikupaswa kuona moto zaidi ya sekunde 2 au 3. Likiyeyuka na kurudi nyuma, shaba inabaki uchi na shoti inakusubiri.

Kisha mita ya kupimia nyaya, kwenye alama ya mlio, waya ukiwa haujachomekwa popote. Maiki ikiwa imechomekwa, koili yake inaunganisha pini 2 na 3 na kipimo kinakudanganya. Niligusa pini 1 ya jike, nikapita kwenye pini zote 3 za dume, halafu 2, halafu 3. Ni miguso 9, na inayotakiwa kulia ni 3 tu: 1 kwa 1, 2 kwa 2, 3 kwa 3. Ikilia 2 kwa 3, umegeuza. Pini yoyote ikilia na pini mbili za upande wa pili, kuna shoti. Ikiwa kimya kwa zote, waya umekatika au risasi haikushika. Nikarudia nikipinda waya shingoni mwa kila kichwa, kwa sababu uzi uliolegea hugusa pale tu unapopindwa.

Ijumaa iliyofuata nilifungua maiki zote mbili, na dufu likavuma hadi barazani.