Paa la zege na dimbwi lisilokauka: kumbukumbu ya ukarabati, Tanga

Machi. Doa la jikoni limerudi palepale, pembeni mwa taa. Mwaka jana nilipaka paa rangi ya kuzuia maji, mikono miwili. Leo mvua imekatika alfajiri. Saa kumi jioni nimepanda na kukuta dimbwi bado limelala katikati ya paa, na rangi imebanduka humo tu. Pembeni, panapokauka upesi, iko nzima. Nimelizungushia dimbwi chaki.

Chaki iko mita mbili kutoka usawa wa doa. Fundi akanieleza: "Dada, maji hayashuki wima. Yanapenya ufa mwembamba wa tabaka la saruji, yanatambaa juu ya zege lenyewe mpaka yapate njia." Kwetu njia ni bomba la waya wa taa. Mvua inayotiririka haipati muda wa kuingia kwenye ufa kama unywele, lakini maji yanayolala siku mbili yanaupata. Jua likiyakausha, saruji inatanuka na kusinyaa, ufa unakua. Huku pwani maji hayo hubeba chumvi mpaka kwenye nondo, nayo kutu ikivimba hupasua zege kutoka ndani.

Juni. Tumepima kwa mpira wa maji. Paa ni mita 6 kwa 4, na tundu la maji ni moja tu, katikati ya ukuta mfupi. Mteremko haupo.

Tunataka sentimita 1 kwa kila sentimita 80. Kutoka tunduni hadi kona ya mbali ni mita 6.3, kwa hiyo kona ingepanda milimita 79. Hapo nikasita: kila milimita 10 za saruji na mchanga ni takriban kilo 20 kwa mita mraba. Tumetoboa tundu la pili katikati ya ukuta mfupi wa upande wa pili. Sasa safari ndefu kabisa ni mita 3.6, mwinuko milimita 45. Tabaka la zamani la milimita 50 tumelibomoa lote. Jipya linaanza na 30 matunduni na kufika 75 katikati. Uzito umebaki karibu uleule.

Julai. Tabaka limelowanishwa chini ya magunia siku 7, likaachwa likauke, kisha karatasi ya lami ikabandikwa kwa moto kuanzia chini kwenda juu, ili maungio yasipokee maji kwa mdomo. Kwenye ukuta wa ukingo tumeipandisha milimita 150, juu ya kona iliyozibwa kwa mshazari, maana kona kali huikata.

Tukaziba matundu, tukajaza maji mpaka katikati palowe, saa 24. Dari kavu.

Novemba. Vuli imenyesha na doa halijarudi. Ila kando ya tundu jipya kuna kidimbwi cha ukubwa wa sahani: karatasi zinapandana hapo, na hatukuchimba kishimo cha kupokea unene wake. Jumamosi tunapafungua.