Siku tuliyoweka mikono ya mama kwenye hesabu

Juzi mpwa wangu amenitumia picha ya pochi aliyoishona mwenyewe kwa shanga, na swali moja: "Shangazi, niuze bei gani?" Nikaanza kumjibu kwa maandishi, nikafuta. Lilinijia daftari la mama la mwaka 2017, wakati serikali ikihamia Dodoma na wageni wakianza kuulizia batiki zake.

Mama alikuwa anauza kipande cha mita tatu kwa shilingi 13,000. Kila mzigo ulikuwa wa vipande tisa: kitambaa cha pamba mita 27 kwa 54,000, rangi pamoja na kostiki soda na haidro 20,000, na nta 10,000. Jumla 84,000. Alikuwa anagawa kwa tisa, anapata elfu tisa na kitu, kwa hiyo aliamini kila kipande kinamwachia zaidi ya elfu tatu. Lakini kila mwisho wa mwezi alikopa kwenye kikoba ndipo anunue jora jingine.

Tulikaa uani jioni, vitambaa vikipunga kwenye kamba, na upepo wa Dodoma ukirusha vumbi hadi kwenye sufuria la nta. Nikamuuliza kama vyote tisa huwa vinauzika. Akachomoa kimoja kwenye beseni, akakinyanyua kuelekea jua. Maua yalikuwa yamefifia pembeni, rangi imepenya mahali palipotakiwa kubaki peupe. "Hapa nta ilikuwa imepoa," akasema. Nta yenye joto la kutosha hupenya hadi upande wa pili na kitambaa huonekana kama kimelowa mafuta. Iliyopoa hukaa juu tu, nyeupe, na rangi hupita chini yake. Karibu kila mzigo ulikuwa na kimoja cha namna hiyo, na hicho aliwapa majirani wafanye vitambaa vya meza. Basi nikaandika: tutagawa kwa nane, maana hivyo nane ndivyo vinavyobeba gharama ya cha tisa.

Kisha nikauliza kuhusu kazi yake.

"Mimi nijilipe mwenyewe? Kwa pesa ipi?"

"Mama, ukiugua, ukamwita mtu akuchovyee mzigo mzima, utampa ngapi?"

Akanyamaza, akaanza kuhesabu kwa vidole: siku ya kuchora na kupiga mihuri, siku ya kuchovya, kuchemsha nta itoke, kusuuza na kupiga pasi. "Siku mbili. Elfu kumi na mbili kwa siku, na chakula changu ale." Chakula tulikiacha. Nikaandika 24,000. Akaitazama ile namba muda mrefu, akaigusa kwa kidole chenye rangi ya bluu kwenye kucha. "Kumbe hii ndiyo nilikuwa nawapa watu bure," akasema, na sauti yake haikuwa ya utani.

Mengine yalikwenda haraka. Kodi ya chumba 30,000 kwa mwezi, maji ya mkokoteni 18,000 kwa sababu batiki hula maji kwenye kusuuza na bomba letu lilikuwa la mgawo, mkaa 14,000, nauli na glavu 10,000. Jumla 72,000. Alikuwa anatoa mizigo sita kwa mwezi, kwa hiyo kila mzigo ubebe 12,000. Nilisisitiza sita, ile anayoitoa kweli, maana alitamani tuandike kumi, na kwa kumi kodi ingeonekana ndogo kuliko ilivyo.

84,000, na 24,000, na 12,000: 120,000. Kwa vipande nane, 15,000 kila kimoja. Alikuwa anauza kwa hasara ya elfu mbili.

Faida tulitaka iwe robo ya bei. Mama akaongeza robo ya 15,000, akapata 18,750. Lakini hiyo ni robo ya gharama. Kama faida ni robo ya bei, gharama ndiyo robo tatu iliyobaki, kwa hiyo 15,000 unaigawa kwa 0.75, unapata 20,000.

Agosti hiyo, Nanenane pale Nzuguni, alibandika 20,000 na wageni wakanunua. Mwenye duka mmoja akataka achukue vingi kwa 15,000. Mama akakataa. Lakini mteja wake wa zamani wa Majengo, aliyekuja na salamu yake ya Kigogo, "Mbukwenyi", na mjukuu mgongoni, alimwachia kwa 15,000 hiyo hiyo. Nilimlaumu. Akanijibu kwamba kwa bei ile mikono yake imelipwa, maji yamelipwa, hajapoteza kitu. Nami bado nauliza: siku sufuria likitoboka, mzigo wa bei ile utanunua jingine kwa pesa ipi?