Tulivyoichambua bei ya bima ya pikipiki 80

Kampuni ya bima ilitutajia asilimia 8 ya thamani ya chombo kwa bima kubwa, ile ya wizi na ajali. Sisi ni umoja wa wamiliki wa pikipiki hapa Mwanza. Tuna pikipiki 80, nyingine ziko kwa vijana wa mkataba, nyingine za hesabu ya siku, na kwa wastani kila moja tuliithaminisha shilingi 2,500,000. Asilimia 8 ya hapo ni 200,000 kwa mwaka. Ukiweka Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, mwenye chombo anatoa 236,000. Sehemu ya bima ndogo, ile ya lazima kisheria, nimeiondoa kwenye hesabu zote humu ili tusichanganye mambo.

Kikao kilichofuata kilikuwa kelele tupu. Wengi walisema tunaibiwa, wachache walisema tukate tu tulale usingizi, na hakuna aliyeweza kusema bei ya haki ni ipi. Mimi ndiye mweka hazina, nikaomba nipewe muda nipige hesabu kutoka kwenye daftari letu wenyewe.

Bahati nzuri katibu wetu ni mtu wa kuandika kila kitu. Daftari la miaka mitatu lilikuwa na wizi 9 wa pikipiki ambazo hazikurudi, kila mmoja na namba yake ya RB. Lilikuwa pia na ajali ndogo ndogo 54: forki imepinda, taa ya mbele imepasuka, rimu imekula kona, tangi limebonyea. Matengenezo ya ajali moja yalikuwa wastani wa 150,000.

Hesabu ya kwanza ni nyepesi. Wizi 9 kwa miaka mitatu ni 3 kwa mwaka, yaani shilingi 7,500,000. Ajali ndogo ni 18 kwa mwaka, yaani 2,700,000. Jumla 10,200,000. Igawe kwa pikipiki 80 unapata 127,500. Hiyo ndiyo hasara tarajiwa ya pikipiki moja kwa mwaka. Hakuna mwenye chombo atakayepoteza 127,500 kamili: mmoja atapoteza milioni mbili na nusu, wengi hawatapoteza kitu. Ila umoja mzima, miaka ikienda, utatoa kiasi hicho kwa kila pikipiki, na hakuna kampuni inayoweza kuuza chini ya hapo ikabaki hai.

Basi kati ya 127,500 na 200,000 kuna 72,500. Hiyo ni nyongeza, na hapo ndipo nilipomfuata wakala. Alikuwa mkweli kuliko nilivyotarajia. Akaniambia: "Dada mhasibu, asilimia 12 na nusu ya ada ni kamisheni yetu sisi mawakala. Inayobaki ni ya ofisi: mishahara, wakaguzi wa ajali, bima mtawanyo ambayo kampuni yenyewe inakata kwa kampuni nyingine, akiba ya mwaka mbaya, na faida." Nikatoa: 72,500 ni asilimia 36.25 ya 200,000. Ukitoa kamisheni, ofisi inabaki na asilimia 23.75 ya kufanyia yote hayo. Si bei ya bure, lakini pia si wizi.

Mwenzetu mmoja mwenye duka la vipuri alikuwa amefika na kikokotoo chake na jibu tofauti. Yeye alichukua 127,500, akaongeza asilimia 36.25, akapata kama 173,700, akasema hiyo 26,300 iliyozidi ni ya kutuonea. Kosa lake wanalifanya watu wengi. Kamisheni na gharama hizo zinahesabiwa kama sehemu ya ada yenyewe, hazihesabiwi juu ya hasara. Ada ikipanda, kamisheni nayo inapanda. Kwa hiyo unagawanya, huzidishi:

```
ada = hasara tarajiwa / (1 - nyongeza)
    = 127,500 / (1 - 0.3625)
    = 200,000
```

Hapo akaja na swali lililokuwa vichwani mwa wengi: kama hasara ni 127,500, kwa nini tusichange hiyo hiyo wenyewe, tuachane na kampuni? Mfuko wetu, pesa yetu.

Swali hili nililikalia kuliko mengine yote, maana kwenye karatasi linavutia. Tuchukue wizi peke yake. Tunatarajia 3 kwa mwaka, tunachanga 7,500,000. Lakini 3 ni wastani, mwaka wenyewe haujui wastani. Kwa pikipiki 80, mtawanyiko wa kawaida kuzunguka hiyo 3 ni kama 1.7, zaidi ya nusu ya wastani wenyewe. Nafasi ya pikipiki moja kuibwa kwa mwaka ni 3 kwa 80, yaani 0.0375. Nikaingia kwenye jedwali la kompyuta nikaandika:

```
=1-BINOM.DIST(5,80,0.0375,TRUE)
```

Ikaleta 0.08. Maana yake, kila mwaka kuna nafasi ya asilimia 8 kwamba pikipiki 6 au zaidi zitaibwa. Sita ni milioni 15, na mfuko una saba na nusu. Mwenye pikipiki ya nne, ya tano na ya sita utamwambia nini? Na hesabu hiyo inachukulia kwamba kila wizi unajitegemea, wakati sisi tunajua haiko hivyo. Kati ya wizi ule wa 9, miwili ilitokea ndani ya wiki moja, njia ile ile ya kwenda Igoma, mtindo ule ule wa abiria wawili wa usiku. Genge likiingia mjini halichukui moja likaondoka. Kwa hiyo ile asilimia 8 ni ya chini kuliko hali halisi.

Sasa weka pikipiki 8,000 za hatari ile ile kwenye kapu moja. Wizi unaotarajiwa ni 300, na mtawanyiko ni kama 17, chini ya asilimia 6 ya wastani. Pikipiki zimeongezeka mara 100, lakini kuyumba kwa hesabu, ukikulinganisha na wastani, kumepungua mara 10. Kampuni yenye kapu la namna hiyo inaweza kupanga mwaka wake bila wasiwasi mkubwa. Sisi hatuwezi, hata tukiwa waaminifu kama malaika. Sehemu ya ile nyongeza tunayoilalamikia ndiyo bei ya kuingia kwenye kapu kubwa.

Lakini nilipoiangalia hesabu upande wa ajali ndogo, mambo yalikuwa kinyume kabisa. Hizo ni nyingi na kila moja ni ndogo. Kumi na nane kwa mwaka, mwaka mbaya labda 25, na hata hapo tofauti ni kama milioni moja. Hilo umoja wetu unalimudu. Na ukiipeleka kampuni taa ya shilingi 60,000, itabidi itume mkaguzi apige picha, ifungue faili, ipokee nukuu ya fundi, iandike malipo. Kazi hiyo inaweza kugharimu karibu sawa na taa yenyewe, na gharama yake imeshapigwa ndani ya asilimia 8. Kwa maneno mengine, tulikuwa tunataka kumlipa mtu atubebee mzigo tunaoweza kuubeba, huku akitutoza nauli, na serikali ikitoza asilimia 18 juu ya nauli hiyo.

Nikarudi kwa wakala na ombi jipya: tupe bei ya wizi na ya pikipiki kuharibika kabisa tu, na hata hapo asilimia 10 ya kwanza ya kila tukio, yaani 250,000, tujibebee wenyewe. Ajali ndogo zote zitoke. Nilipeleka pia nakala za daftari, nikidhani zitashusha bei. Hazikushusha. Mtu wa ofisini alinijibu kwa upole kwamba matukio 9 ni machache mno kumfanya aache takwimu za kampuni na kufuata zetu. Wizi 9 ungeweza kuwa 6 au 12 kwa bahati tu. Ana haki. Kilichoshusha bei ni umbo la bima yenyewe. Wakatupa asilimia 5, shilingi 125,000, ukijumlisha kodi inakuwa 147,500.

Kwa daftari letu, hasara ya upande wao sasa ni wizi 3 kwa 2,250,000, ambayo ni 84,375 kwa pikipiki. Katika kila shilingi 100 ya ada, 67.50 inarudi kama fidia, wakati mwanzo ilikuwa 63.75. Upande wetu, ajali ndogo pamoja na ile asilimia 10 ya wizi ni 43,125 kwa pikipiki. Tukaweka mchango wa mfuko 55,000, kile kilichozidi kikiwa akiba ya mwaka mbaya. Mwenye chombo analipa 202,500 badala ya 236,000, na mfuko ukibaki na kitu, kinabaki chetu.

Kilichokaribia kuvunja mpango hakikuwa hesabu hizi. Ni mzee mmoja mwenye pikipiki nne zinazopeleka wanafunzi na kurudi nyumbani jua likizama. Alisimama akasema: "Mwanangu, hizo tisa zilizoibwa, za mchana ni ngapi?" Zilikuwa mbili. Saba ni za zamu ya usiku, na pikipiki za usiku ni 30 tu kati ya 80. Alikuwa anaulizia kwa nini yeye amlipie wa usiku, na swali lake lilikuwa zito. Tukisema kila mtu aingie kwa hiari kwa 125,000, watu wa mchana watakaa pembeni, watabaki wa usiku, wizi wao ni karibu 8 kwa kila pikipiki 100, na kampuni mwaka unaofuata itapandisha bei hadi hata wa usiku washindwe.

Tulichofanya ni bima kuwa ya lazima kwa kila mwanachama, lakini mzigo tukaugawa: wa usiku 160,000, wa mchana 104,000, kabla ya kodi. Ukijumlisha unapata zile zile milioni 10 za kampuni. Kwa daftari tupu, wa mchana alistahili kulipa chini zaidi ya hapo, na mzee alilisema hilo. Nilimjibu kwamba matukio mawili hayatoshi kuapia, tena pikipiki ya mchana leo kesho kijana anaweza kuitoa usiku bila kumwambia. Hakufurahi, ila alitia saini.

Mwaka wa kwanza ziliibwa 4. Kampuni ilitoa milioni 9 kati ya milioni 10 ilizopokea, na wakati wa kuhuisha ikaomba asilimia 6. Mfuko wa ajali ndogo ulibaki na shilingi 600,000 na kidogo. Badala ya kukubali, tumewapelekea pendekezo la kupandisha sehemu yetu kwenye kila wizi kutoka asilimia 10 hadi 20. Mzigo wao utashuka kwa milioni moja mwaka kama huo, wetu utapanda kwa kiasi hicho hicho, na mchango wa mfuko itabidi usogee kutoka 55,000 hadi kama 65,000. Tunasubiri jibu, na mzee wa mchana ameshaomba hesabu ya zamu irudiwe kabla ya kulipa.