Tangazo la mifuko ya mahindi

Duka la pembejeo nililokuwa nikifanyia kazi Makambako lilipoanza kuuza mifuko ya nafaka isiyopitisha hewa, mimi ndiye niliyepewa kuandika tangazo la kurusha kwenye magrupu ya wakulima ya WhatsApp. Fundi wetu alinikabidhi karatasi ya kiwandani: tabaka tatu, mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba, kila mmoja unene wa mikroni 80, ujazo kilo 100. Akasisitiza mikroni zitangulie, maana ndizo zinazoutenganisha na kiroba cha kawaida.

Nikiwa bado naikodolea macho ile karatasi, akaingia mama mmoja na mahindi kwenye rambo. Aliyamwaga kaunta. Mengi yalikuwa matundu matupu, na unga wa dumuzi ukatapakaa hadi kwenye daftari la mauzo.

"Mwanangu, haya ni ya Julai hii hii," akasema. "Nikitia dawa, naogopa kuwapikia wajukuu. Nisipotia, niuze yote sasa kwa bei ya kutupa."

Sentensi ya kwanza ikawa imepatikana: "Mahindi utakayovuna Julai, Februari utayakuta mazima, bila kuyatia dawa."

Yaliyobaki niliyapata kwa kuuliza kila mstari wa karatasi: kwa hiyo? Tabaka tatu, kwa hiyo hewa haiingii. Kwa hiyo? Wadudu waliofungiwa humo wanamaliza oksijeni, wanaacha kula, wanakufa. Kwa hiyo? Mkulima hanunui dawa, wala halazimiki kuuza wakati kila mtu anauza. Hapo nikakomea. Bosi alitaka niongeze "utauza kwa bei maradufu", nikamkatalia. Bei ya Februari hatuipangi sisi, na mwaka ambao kuuza nje kumezuiwa inaweza isipande kabisa.

Ila ahadi ile ilikuwa na sharti, nikaliweka palepale chini yake: mahindi yawe makavu, la sivyo yataota ukungu humo ndani. Namna ya kupima nayo niliandika. Weka mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu yenye kifuniko, tikisa, uache yatulie. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Panya nao sikuwaficha, kwa sababu tundu moja tu la panya linaingiza hewa na kazi yote inaharibika.

Mikroni za fundi zilikaa mstari wa mwisho, pamoja na ujazo na bei, kwa ajili ya mawakala. Alinuna kidogo.

Simu zilipoanza, swali lililojirudia sana lilikuwa: nikifungua kila siku kuchota ya kula, je? Tangazo halikuwa limeligusa. Nikaongeza siku ileile: "Tenga mfuko mmoja wa kula, ya kuuza usiifungue mpaka siku ya kuuza."