Slaidi za chanjo, na zile siku mbili baada ya arobaini

Wiki hii nimeshinda na kazi moja tu, slaidi za kuwakumbusha wazazi wapya chanjo za mtoto, za kuswaipu Insta na kurusha status ya Wasap. Ziko sita: kuzaliwa, wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9, miezi 18. Kuchora sio shida, shida ni maneno jamani, sentensi moja unaihangaikia nusu saa.

Iliyonitoa jasho ni ya wiki 6. Hiyo ndo siku ya matone ya polio, matone ya rota ya kuzuia kuhara, sindano ya nimonia, na ile ya penta inayokinga magonjwa matano, dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini na ile homa ya uti wa mgongo ya hib. Sasa piga hesabu, wiki 6 ni siku 42, yaani siku mbili tu baada ya arobaini! Na wengi wetu hapo bado tupo kwa mama, mkoa mwingine kabisa, kliniki uliyoandikishwa iko mjini na kichwani unasema nikirudi ntampeleka, unarudi mtoto ana miezi mitatu. Kwa hiyo nimeandika hivi: "Popote ulipo, nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kinachotoa chanjo. Beba kadi ya mtoto." Sijataja jina la kituo maana posti inatembea, ataisoma mtu wa Tanga na mtu wa Mbeya.

Nesi mmoja ninayemwamini nilimtumia rasimu akanirudishia na voisi noti ndefu. Cha kwanza, toa "nenda leo", weka "uliza siku yao ya chanjo". Kwa nini? Chupa ya chanjo ya kifua kikuu, ile ya begani, ina dozi 20, na ikishachanganywa haivuki masaa sita, inayobaki inamwagwa. Ya surua na rubela nayo ndo hivyo hivyo, dozi 10. Ndo maana vituo vidogo vingi hukusanya watoto siku moja, na ndo maana kuna mama anaruhusiwa kutoka wodini mtoto hajachomwa begani. Akienda siku sio yake akaambiwa rudi Alhamisi, na nauli katoa, wengine ndo hawarudi tena.

Cha pili akasema, "Mdogo wangu, hilo neno umechelewa litoe, mama akilisoma anaogopa kugombezwa anabaki nyumbani." Kweli kabisa. Badala yake nimeweka: "Tarehe ilipita? Nenda tu na kadi, hamuanzi upya, mtaendelea pale mlipoishia."

Ila hapo kuna kitu watu hawakijui. Chukua mtoto aliyezaliwa Jumanne tarehe 3 Machi 2026. Wiki 6 inaangukia 14 Aprili, wiki 10 ni 12 Mei, wiki 14 ni 9 Juni, zote Jumanne, yaani unahesabu Jumanne zako basi (mi nimeipenda hii). Sasa mama akaenda tarehe 28 Aprili badala ya 14. Dozi ya pili haibaki 12 Mei, maana katikati ya dozi na dozi lazima zipite wiki 4 kamili, kwa hiyo inasogea mpaka 26 Mei. Akija 12 Mei kwa kuangalia slaidi yangu atarudishwa. Ndo sababu chini ya kila slaidi kuna mstari: "Tarehe ya kufuata ni ile nesi aliyoandika kwenye kadi yako."

Na nasema kila slaidi, sio ya mwisho tu, kwa sababu watu hawashei zote, mtu anapiga skrinishoti moja anaitupa kwenye grupu la familia, ikifika huko haina mwanzo wala mwisho. Kila moja lazima ijitegemee.

Kuhusu homa nimeandika kwamba mtoto anaweza kuchemka kidogo au paja likauma, na kwamba akichemka sana, akigoma kunyonya, au akilegea apelekwe kituo cha karibu hata kama ni usiku. Dawa na kipimo chake sijagusa, uzito wa mtoto siujui, atakayempima ndo aseme. Na kile kipele cha begani kinachotokea wiki kadhaa baada ya chanjo, kikatunga usaha kidogo kisha kikaacha kovu, nimeandika kiachwe hivyo hivyo, hakiminywi wala hakipakwi kitu. Bibi mmoja atabisha tu, namjua.

Inabaki ya miezi 18. Watu wakishachoma surua ya miezi 9 kadi inaingia kabatini, wanaona mtoto kamaliza, kumbe kuna dozi ya pili. Nimeiwekea rangi ya chungwa na maandishi makubwa "BADO MOJA", na hii ntairusha peke yake pia, maana mzazi wa mtoto anayekimbia hafungui posti za vichanga.